Umepiga Windows, Wi-Fi imepotea: kuhamisha draiva kwa DISM na kuzirudisha bila intaneti

Windows mpya imekubali, kompyuta ina kasi, lakini kona ya chini kulia pana alama ya dunia mahali pa mawimbi ya Wi-Fi. Ukiibonyeza, haikuonyeshi mtandao hata mmoja. Padi ya kipanya haisogezi mshale na picha ya skrini imevutika kama imenyooshwa kwa nguvu. Draiva ya Wi-Fi, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuendesha kadi hiyo, ipo intaneti, na bila draiva hiyo intaneti huipati.

Ukiwa Mwanjelwa au Kabwe jijini Mbeya utaazima waya wa simu, uwashe bando, na mambo yaende. Ukiwa Makete, Ludewa au kijiji cha juu huko Rungwe, ambako simu yenyewe inatafuta mtandao kwa kupanda kichuguu, hilo si jibu. Mwenye kompyuta atairudisha kwa gari siku ya pili akiuliza, "Fundi, mbona ilikuwa inashika Wi-Fi kabla hujaigusa?" Swali ni la haki. Draiva ilikuwa ndani ya kompyuta hiyohiyo, ikafutwa pamoja na Windows ya zamani.

Kuziokoa kunachukua dakika chache, na amri ni moja, ya DISM, zana iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Mengi ya hapa chini ni dalili za mambo yanapokwenda kombo, kwa kuwa amri fupi haimaanishi kazi haina mitego.

Amri yenyewe

Chomeka flashi, fungua menyu ya Start, andika `cmd`, kisha bonyeza kulia uchague Run as administrator. Tuseme flashi imesomeka kama E. Tengeneza folda kwanza, halafu hamisha:

```
mkdir E:\Draiva
dism /online /export-driver /destination:E:\Draiva
```

Mistari itaanza kushuka ikihesabu, `Exporting 1 of 41`, `Exporting 2 of 41`, kila mmoja na jina kama `oem12.inf`, mpaka ifike `The operation completed successfully.` Hesabu hiyo ya mwisho iandike mahali, utaihitaji. Ukifungua folda utakuta folda ndogo nyingi, kila moja ikiwa na jina refu linaloishia na herufi na tarakimu zisizo na maana kwako. Ndani ya kila moja mna faili la `.inf` linaloeleza draiva ni ya kifaa gani, faili la `.cat` lenye saini, na draiva yenyewe, mara nyingi `.sys`. Vitu hivyo vinakwenda pamoja. Anayenakili `.inf` peke yake ili kuokoa nafasi amebeba bahasha bila barua.

Nafasi inayohitajika hutegemea zaidi draiva ya picha. Kompyuta ya ofisi yenye picha za kawaida inaweza kutosha kwenye megabaiti mia kadhaa. Yenye kadi ya picha ya michezo inaweza kuvuka gigabaiti moja kwa kadi hiyo tu, na kama iliwahi kusasishwa, matoleo ya zamani yanaweza kuwa bado yamo kwenye ghala la draiva la Windows na yote yatahamishwa. Flashi ya GB 8 iliyo tupu inatosha kwa kompyuta nyingi.

Amri inakataa kabla haijaanza

Ukiona `Error: 740`, dirisha la amri halikufunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Lifunge, rudi kwenye Run as administrator. Ukiona `Error: 3`, njia uliyoandika haipo: ama folda hukuitengeneza, maana DISM haikutengenezei, ama flashi imebadilisha herufi baada ya kuchomolewa na kuchomekwa tena. Andika `dir E:\` uone kama kweli ni yenyewe.

`Error: 87` ina sababu mbili. Mara nyingi ni kosa la kuandika, hasa nafasi iliyoingia baada ya nukta mbili. Lakini kama kompyuta ni ya Windows 7, hata ukiandika sawasawa utakataliwa, kwa sababu DISM ya Windows 7 haina chaguo la `/export-driver`. Kompyuta hizo bado zipo kwenye stesheneri nyingi za Nyanda za Juu Kusini. Njia yake ni kunakili kwa mkono folda nzima ya `C:\Windows\System32\DriverStore\FileRepository` kwenye flashi. Itakuwa na mizigo mingi usiyoihitaji, ila draiva za watengenezaji zitakuwamo.

Na ikiwa DISM inaanza halafu inakwama kwenye draiva moja na kuacha zilizobaki, usipoteze asubuhi nzima kuitibu Windows ambayo utaifuta mchana. Jaribu njia ya pembeni, yaani pnputil, zana nyingine ya Windows ya kushughulikia draiva, kwenye folda nyingine:

```
mkdir E:\Draiva2
pnputil /export-driver * E:\Draiva2
```

Kuhamisha kumefaulu, lakini draiva ya Wi-Fi haimo

Hili ndilo linalowakamata wengi, kwa sababu hakuna kosa lolote linalotokea. DISM imesema imefaulu, na kweli imefaulu. Tatizo ni kwamba inahamisha draiva za nje tu, yaani zile zilizoingizwa na mtengenezaji wa kompyuta, na fundi, au na Windows Update. Draiva zilizokuja ndani ya Windows yenyewe haizigusi. Kadi yako ya Wi-Fi ikiwa inaendeshwa na draiva ya ndani ya Windows, hutaikuta kwenye flashi hata ukirudia mara kumi.

Kujua mapema ni rahisi. Fungua Device Manager, nenda Network adapters, bonyeza kulia kadi ya Wi-Fi, chagua Properties, kisha kichupo cha Driver. Angalia Driver Provider. Ukikuta jina la mtengenezaji wa chipu, kwa kawaida draiva ni ya nje na itahamishwa. Ukikuta Microsoft, kwa kawaida ni ya ndani. Unaweza pia kuziona zote za nje kwa mara moja:

```
dism /online /get-drivers /format:table
```

Orodha hiyo haionyeshi za ndani, kwa hiyo kama kadi yako haimo, jibu umeshalipata.

Draiva ikiwa ya ndani, usikimbilie kuinakili kwa mkono kutoka FileRepository. Saini za draiva za ndani kwa kawaida hazikai kwenye folda ya draiva. Zinakaa kwenye hifadhi ya saini ya Windows. Utakuwa na `.inf` na `.sys` bila `.cat`, na Windows mpya itakataa kuiweka. Cha maana ni kwamba kama unarudisha toleo lilelile la Windows, draiva hiyo itakuja nayo na Wi-Fi itawaka yenyewe. Wasiwasi unakuja pale unapobadilisha toleo, mathalani kutoka Windows 10 kwenda 11, jambo ambalo limeongezeka tangu Windows 10 ilipoachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Hapo, ukiwa bado na mtandao kwenye Windows ya zamani, pakua draiva ya kadi kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, iweke, hakikisha Driver Provider imebadilika, ndipo uhamishe upya.

Kuhakiki kabla ya kufuta: mfano wa laptopu moja

Chukua laptopu ya stesheneri mjini Tukuyu, Windows 10 ya biti 64, inayotakiwa kupigwa upya kwa sababu imejaa uchafu. DISM imemaliza kwa `41 of 41`. Fundi mwenye haraka ataanza kufuta hapo. Usianze.

Kwanza hesabu folda zilizofika kweli kwenye flashi:

```
dir /b /ad E:\Draiva | find /c /v ""
```

Inapaswa kurudisha 41. Ikirudisha 38, flashi ilijaa au ilikatika njiani.

Pili, hakikisha kadi ya Wi-Fi imo, na hilo linathibitishwa kwa namba. Kwenye Properties za kadi, nenda kichupo cha Details, na kwenye Property chagua Hardware Ids. Utaona mistari kadhaa, wa kwanza ukianza hivi: `PCI\VEN_10EC&DEV_D723`. VEN ni mtengenezaji wa chipu, na 10EC ni Realtek. DEV ni modeli, na D723 ni RTL8723DE, kadi iliyowekwa kwenye laptopu nyingi za bei nafuu. Ipige picha skrini hiyo kwa simu. Baada ya kufuta, namba hii ndiyo itakayokwambia kifaa kisicho na jina ni kipi.

Sasa itafute namba hiyo ndani ya ulichohamisha. Wengi hutumia `findstr` na kuambulia patupu, wakadhani draiva haimo. Faili nyingi za `.inf` zimeandikwa kwa UTF-16, na `findstr` haisomi maandishi ya namna hiyo, kwa hiyo inapita juu yake kama hayapo. Fungua PowerShell badala yake:

```
Get-ChildItem E:\Draiva -Recurse -Filter *.inf |
  Select-String -SimpleMatch "DEV_D723" -List |
  Select-Object Path
```

Ikikurudishia njia ya faili, draiva ya kadi hiyo unayo mkononi. Isiporudisha kitu, rudi kwenye sehemu iliyotangulia, maana huenda ni ya ndani. Rudia hivyohivyo kwa kadi ya waya wa mtandao. Vifaa vingine unaweza kuviamini bila kuvikagua kimoja kimoja, kwa sababu mtandao ukishapatikana vilivyobaki huja vyenyewe.

Tatu, flashi ichomolewe kwa Eject, si kwa kuivuta. Umeme wa kukatikakatika na flashi ya kuvutwa ndivyo vinavyoacha faili nusu, na faili nusu utaligundua siku ambayo hulihitaji kuwa nusu.

Umehamisha vizuri, halafu ukafuta mwenyewe

Kuna njia mbili za kufanya hivi, na zote zinauma.

Ya kwanza ni kuhamishia kwenye D ya diski ileile. Kama utafuta C peke yake, D itabaki na draiva zako. Lakini mtu akifika kwenye orodha ya sehemu za diski wakati wa kupiga Windows, akaona Partition 1 hadi 5 asijue ipi ni ipi, hufuta zote ili aanze upya. D nayo inakwenda. Weka kwenye kitu unachoweza kukichomoa.

Ya pili ni kutumia flashi moja kwa kazi mbili bila kufuata mpangilio. Programu za kutengeneza flashi ya Windows, kama Rufus, hufuta flashi nzima kabla ya kuanza. Ukihamisha draiva kwanza halafu ukatengeneza flashi ya Windows juu yake, hakuna kilichobaki. Geuza mpangilio: tengeneza flashi ya Windows kwanza, kisha hamishia folda ya Draiva kwenye flashi hiyohiyo. Windows haisumbuki na folda ya ziada, na ukifika kijijini unakuwa na kila kitu kwenye kipande kimoja.

Kisakinishi hakioni diski

Laptopu zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea zinaweza kufika kwenye ukurasa wa kuchagua diski zikaonyesha orodha tupu. Diski haijafa. Iko nyuma ya kidhibiti kinachoitwa VMD, na kisakinishi kinaweza kukosa draiva yake. Wengine huingia BIOS na kuizima VMD, na mara nyingi diski huonekana, lakini hakuna haja ya kugusa BIOS kama umehamisha draiva.

Kwenye ukurasa huohuo bonyeza Load driver, kisha Browse, uingie kwenye flashi, folda ya Draiva, mpaka folda ndogo inayoanza na `iaStorVD.inf`. Ichague, ukubali, na baada ya sekunde chache diski itajitokeza. Ikiwa orodha ya draiva inabaki tupu, umeelekeza kwenye folda ya juu. Ingia kwenye folda yenyewe yenye faili. Kama hukuikuta kabisa, pekua folda nyingine zinazoanza na `iaStor`, kwa kuwa jina hubadilika kidogo kati ya matoleo.

Umekwama kwenye ukurasa wa kuunganisha mtandao

Windows 11 inapomaliza kujisakinisha inakuuliza nchi, kibodi, halafu inadai mtandao. Bila draiva ya Wi-Fi orodha ni tupu na kitufe cha Next hakibonyezeki. Bonyeza Shift na F10 kwa pamoja. Kwenye laptopu nyingine lazima ushike na Fn. Dirisha jeusi la amri litafunguka, tayari likiwa na mamlaka ya msimamizi.

Hapa flashi inaweza isiwe E tena. Jaribu `dir D:\`, kisha `dir E:\`, mpaka uione folda ya Draiva. Halafu:

```
pnputil /add-driver E:\Draiva\*.inf /subdirs /install
```

`/subdirs` ndiyo inayomfanya pnputil aingie kwenye kila folda ndogo. Ukiisahau atatafuta `.inf` kwenye folda ya juu, asipate, na kusema hakuna kitu. `/install` ndiyo inayoweka draiva kwenye kifaa chenyewe, badala ya kuihifadhi ghalani tu.

Skrini itazima na kuwaka draiva ya picha inapoingia. Usiogope, wala usizime kompyuta. Mwishoni anatoa hesabu: pakiti zilizokuwepo na zilizoongezwa. Funga dirisha, na orodha ya mitandao hujaa papo hapo au baada ya kurudi ukurasa mmoja nyuma na kuingia tena.

Kama unapendelea tahadhari, elekeza kwanza kwenye folda ya Wi-Fi peke yake, nyingine uziweke baadaye kwenye dawati. Hii ni njia nzuri zaidi kwa kompyuta iliyokuwa inazima ovyo au kutoa skrini ya buluu kabla ya kupigwa. Huenda mkosaji ni mojawapo ya draiva hizohizo 41, na ukizirudisha zote kwa pamoja umeurudisha na ugonjwa.

Jambo dogo la kubeba mfukoni: kipanya cha waya. Padi ya kipanya ya laptopu nyingi za sasa hutegemea kidhibiti kingine, chenye draiva ambazo majina yake huanza na `iaLPSS2`, na mpaka ziwekwe mshale hausogei.

Pnputil inakataa baadhi ya draiva

Sehemu hii inahitaji macho makali, kwa sababu ujumbe unafanana na sababu ni tofauti.

Akisema kwamba hash ya faili haipo kwenye catalog, na kwamba faili huenda limeharibika au kuchezewa, chukulia maneno hayo kama yalivyo. Faili limebadilika tangu lilipotiwa saini. Flashi mbovu hufanya hivyo, na virusi pia. Flashi inayozunguka stesheneri tano kwa siku ina nafasi kubwa ya kubeba kirusi kinachojipachika kwenye faili za `.exe` na `.dll`, na pakiti za draiva za printa na picha zimejaa faili za aina hiyo. Dalili ya kirusi ni kwamba pakiti nyingi zinakataliwa kwa ujumbe uleule. Flashi mbovu kwa kawaida huharibu moja au mbili. Katika hali zote mbili usizime ukaguzi wa saini ili kulazimisha. Kama Windows ya zamani bado ipo, hamisha upya kwenye flashi nyingine. Kama imeshafutwa, weka zilizokubali, na zilizokataliwa zitafute mtandao ukishapatikana.

Akisema `.inf` haina taarifa za saini, faili la `.cat` halimo kwenye folda. Hiyo ni ya aliyenakili nusu au aliyenakili draiva ya ndani.

Akisema draiva imeongezwa lakini kifaa kinabaki na alama ya njano, angalia nambari kwenye Properties za kifaa. Code 28 maana yake hakuna draiva iliyolingana. Linganisha Hardware Ids na picha uliyopiga kwa simu. Code 10 maana yake draiva imekaa ila kifaa hakijawaka. Zima kompyuta kabisa, kisha washa. Ikibaki, toleo hilo la draiva huenda halielewani na Windows mpya, na hapo ndipo inapofaa kutafuta jipya.

Sababu nyingine ya Code 28 ni biti. Ilikuwa Windows ya biti 32 kwenye kompyuta yenye RAM ndogo, ikaongezwa RAM, sasa imepigwa ya biti 64. Draiva zote ulizohamisha ni za 32 na hakuna hata moja itakayofaa. Hili linaonekana kabla ya kufuta: soma majina ya folda ndogo. Zenye `_x86_` ni za 32, zenye `_amd64_` ni za 64, na neno amd hapo halihusu chapa ya prosesa, kwa hiyo usishtuke ukilikuta kwenye mashine ya Intel. Ukiona folda zote ni `_x86_` nawe unakwenda 64, kuhamisha hakuna faida. Pakua za 64 ukiwa bado na mtandao.

Na kama umejaribu kurudisha kwa `dism /online /add-driver` ukapata `Error: 50`, si wewe. DISM inahamisha kutoka Windows inayotembea, lakini kuongeza inaongeza kwenye Windows iliyolala tu. Kwa inayotembea kazi ni ya pnputil.

Printa nayo ina lake. Draiva yake inaweza kuhamishwa na kurudi salama, ila programu ya kuskani na ile ya kuangalia wino hazimo, kwa kuwa DISM haihamishi programu. Printa ya mtandao itahitaji kuongezwa upya kwa anwani yake. Mwenye stesheneri anayetegemea kuskani vyeti mwambie mapema, kabla hujaondoka na Costa ya mwisho.

Windows ya zamani haiwaki kabisa

Hata hapo draiva zinaokolewa, mradi diski inasomeka. Washa kompyuta kwa flashi ya Windows, kwenye ukurasa wa kwanza bonyeza Shift na F10, kisha tafuta herufi, kwani huku zimevurugika na C huenda si C:

```
diskpart
list volume
exit
```

Windows ya zamani hutambulika kwa ukubwa. Hakikisha kwa `dir D:\`. Ukiona folda za Windows na Users, ndiyo hiyo. Kisha, ikiwa flashi ni E:

```
mkdir E:\Draiva
dism /image:D:\ /export-driver /destination:E:\Draiva
```

Unaelekeza kwenye mzizi wa diski, `D:\`, na si `D:\Windows`. Ukiweka folda ya Windows, DISM itadai haipati Windows yoyote. Zaidi ya hapo matokeo ni yaleyale, pamoja na hesabu ya kuandika pembeni.

Kizuizi ni BitLocker. Laptopu nyingi za Windows 11 zinakuja na diski iliyofungwa bila mwenyewe kujua, na `dir` itakataa kuisoma. Unahitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Akiupata, ingia Repair your computer, fungua Command Prompt na ufungue diski kwa `manage-bde -unlock D: -RecoveryPassword` ukifuatisha tarakimu hizo pamoja na vistari vyake, halafu rudia amri ya DISM. Asipoupata, diski hiyo haitafunguka, na draiva itabidi zipakuliwe kwenye kompyuta nyingine kwa kufuata modeli iliyobandikwa chini ya laptopu.